Bahari ya Dirisha la Jambiani

Dirisha lililoungua kwenye picha ya chumba halina kitu ndani yake. Wateja wengi hunijia wakiamini kwamba bahari au mti wa uani umo mle mle, umefunikwa na mwanga tu, na kwamba fundi mwenye kompyuta nzuri ataufunua. Haumo. Picha ya kawaida ya simu huandika kila pikseli kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Mwanga wa nje ukizidi uwezo wa kamera, namba zote tatu hugonga 255 na kukaa hapo. Pikseli ya mnazi inakuwa 255, ya wingu 255, ya mtumbwi 255. Ukipunguza mwanga wa sehemu hiyo unapata kijivu kitupu badala ya weupe mtupu.

Kwa hiyo hakuna kurudisha mandhari ya dirisha la namna hiyo. Kuna kuleta mandhari kutoka picha nyingine na kuyapandikiza. Kazi yote iko katika kuamua hiyo picha nyingine itoke wapi, na jambo hilo nililielewa kwa undani katika nyumba moja ya wageni kule Jambiani, mashariki ya Unguja.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyejenga vyumba vichache vya kukodisha, viwili vikiwa ghorofani, vinatazama bahari. Mpwa wake alivipiga picha kwa simu. Kitanda kilionekana vizuri, neti imefungwa kwa ustadi, sakafu inang'aa, lakini madirisha yote yalikuwa meupe kama karatasi. Mtu akiiona ile picha asingejua kama nyumba iko ufukweni au katikati ya shamba la mihogo. Mama akanitumia picha hizo pamoja na nyingine ya bahari, iliyopigwa pwani ya upande mwingine kabisa wa kisiwa: maji yamejaa, buluu ya kung'aa, hakuna mti wala mtu.

"Mwanangu, niwekee hiyo tu dirishani," alinambia kwenye simu. "Bahari si moja?"

Nilifungua ile picha ya chumba cha juu nikaikuza. Ukutani kushoto palikuwa na tivii iliyozimwa, na ndani ya kioo chake cheusi kulikuwa na kitu. Kimefifia lakini kinasomeka: paa la mabati la jirani, kiguzo cha nyumba isiyokwisha kujengwa, na nusu ya mnazi. Dirisha lenyewe lilikuwa limeungua, lakini kivuli chake ndani ya tivii kilikuwa salama.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kioo cheusi kikipigwa na nuru uso kwa uso hurudisha kama asilimia 4 yake, na zaidi kidogo kikitazamwa kwa ubavu. Asilimia 4 ni sehemu moja katika 25. Mwanga uliokuwa mwingi mno kwa kamera ukipita dirishani moja kwa moja, ulipogonga tivii ukapunguzwa mara 20 na zaidi, ukaingia ndani ya uwezo wa simu. Na kwa kuwa tivii iko ukuta wa pembeni, ilikuwa inatazama nje kwa pembe tofauti na ya mpiga picha. Yeye kutoka konani alitazama kuelekea bahari. Tivii ilitazama kuelekea kwa jirani.

Tangu siku hiyo, nikiletewa picha ya chumba chenye dirisha lililoungua, kabla ya kugusa chochote huvitafuta vitu vinavyong'aa: tivii, kioo cha kujitazamia, mlango wa kabati, birika la chuma, sakafu iliyopigwa rangi ya mafuta. Vyote hivyo ni mashahidi. Ukiweka dirishani bahari isiyo na jirani wakati tivii inamwonyesha jirani, picha moja inatoa habari mbili. Mtazamaji hatakaa kulichambua hilo. Atahisi tu kwamba kuna kitu hakikai sawa, na akishahisi hivyo hawezi tena kuiamini picha.

Nilimweleza mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi ifute na hiyo tivii iwe nyeusi."

Lingewezekana. Lakini palikuwa na shahidi wa pili asiyefutika, nao ni mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Upeo wa macho wa bahari siku zote hukaa sawa na kimo cha lenzi. Ukipiga picha umechuchumaa, upeo unakata dirisha chini. Ukisimama juu ya kiti, unapanda nawe. Ghorofa haibadilishi kanuni hiyo. Ukiwa juu utaona mchanga mwingi zaidi kwa chini, lakini upeo wenyewe utaupima kuanzia sakafu unayosimama, na utakuta uko kwenye kimo cha lenzi yako.

Kimo hicho kinaweza kusomwa ndani ya picha yoyote ya chumba hata kama hukuwapo ilipopigwa. Chukua mistari miwili ambayo kwa kweli iko mlalo na inakwenda sambamba, kwa mfano ubavu wa kitanda na ukingo wa ukuta wa chini ulio sambamba nao. Ivute yote miwili kwenye kompyuta mpaka ikutane. Mahali inapokutana ndipo penye kimo cha macho ya kamera, na upeo wa bahari lazima upite hapo. Katika picha ya mpwa, mistari ilikutana juu kidogo ya kizingiti cha chini cha dirisha. Katika picha ya bahari aliyoitaka mama, ukiijaza dirisha zima, upeo ulikaa katikati ya kioo, karibu usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Chumba kile na bahari ile vilitazamwa na watu wawili wenye vimo tofauti. Ukiviunganisha, bahari inaonekana kama imeinuliwa ukutani na sakafu kama inateremka. Na ukiishusha bahari ili upeo ukae mahali pake, juu panabaki pengo la mbingu ambalo picha ile haina.

"Kwa hiyo ufanye nini?" mama akauliza.

"Nije, mama. Chumba kile kile, dirisha lile lile, bahari yako mwenyewe."

Jambo la kwanza tuliloamua lilikuwa siku, na siku Jambiani inaamuliwa na maji. Pwani ya mashariki ina mwamba mbali na ufukwe, na baina yake na nchi kavu kuna maji ya kina kifupi. Wakati wa bamvu tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Zanzibar hukaribia mita 4, na maji yakipwa mtu hutembea kwa miguu mbali sana bila kulowa magoti. Siku za bamvu maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Mama aliyataka maji yaliyojaa. Jua nalo lilitaka alasiri. Dirisha linatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huingia ndani moja kwa moja, linachoma shuka, na bahari yenyewe huonekana ya fedha isiyo na rangi kwa sababu unaitazama dhidi ya jua. Kuanzia saa tisa jua liko nyuma ya nyumba, linaipiga bahari usoni, na ile rangi ya kijani na buluu inatoka. Tukachagua siku za mwezi mpevu, alasiri.

Kamera niliiweka kwenye stendi kwa kimo cha mita 1.2. Kizingiti cha dirisha kilikuwa sentimita 90 kutoka sakafuni na kichwa chake mita 2.1, yaani uwazi wa mita 1.2. Nilijua basi, hata kabla ya kutazama, kwamba upeo utakata dirisha sentimita 30 juu ya kizingiti, robo ya uwazi kutoka chini. Robo ya bahari na mchanga, robo tatu za mbingu na makuti. Mama alitaka bahari zaidi. Njia ya kumpa ilikuwa moja, kuinua kamera, na kila nilipoinua, kitanda kilianza kuonekana kama kinatazamwa kutoka darini. Tulikubaliana kwenye mita 1.35. Hayo ndiyo makubaliano halali ya kazi hii: unachotaka kiongezeke nje kinalipiwa ndani.

Kisha nikapima mwanga. Kwa tundu la f/8 na ISO 100, chumba kilitaka shata ya robo ya sekunde, 1/4. Bahari, kwa tundu lile lile, ilitaka 1/500. Kutoka 1/4 hadi 1/500 ni kupunguza mwanga nusu mara saba, yaani nje kulikuwa na mwanga kama mara 128 ya ndani. Faili ghafi la kamera nzuri, lile lisilofinyangwa kuwa JPEG, linaweza kukuokolea hatua moja au mbili za mwanga uliozidi. Hatua saba haliwezi. Ndiyo maana picha moja haitoshi, na ndiyo maana simu ya mpwa haikuwa na kosa lolote.

Picha mbili, basi, kutoka stendi moja isiyoguswa: moja ya chumba, moja ya dirisha. Wanaoanza hudhani ugumu umekwisha hapo. Wanaipiga ya pili yenye giza, wanakwenda kwenye kompyuta, wanachora mpaka wa kioo, wanakata weupe, wanaweka bahari. Kwa dirisha la kioo kimoja kikubwa njia hiyo inafaa. Lakini madirisha yetu yana nondo. Dirisha la mama lilikuwa na nondo nyembamba zilizokunjwa mapambo ya maua, zimepakwa rangi nyeupe, na katika picha ya chumba nondo hizo zilikuwa zimeliwa na mwanga. Nuru kali ikiingia kwenye lenzi haikai ndani ya mipaka yake. Humwagika pembeni na kula kingo za vitu vilivyo jirani nayo. Fremu ya dirisha hukonda. Nondo nene hubaki uzi, na nyembamba hutoweka kabisa. Huwezi kuchora mpaka wa kitu ambacho hakipo. Ukizichora kwa kufuata picha ile nyingine yenye giza, utazipata, lakini nyeusi tititi, kwa kuwa huko ndani hakukupata mwanga, na kila moja itakuwa na ukingo mweupe kama imezungushiwa chaki.

Dawa yake ni flashi, na inatumika kwa namna ambayo mwanzoni huonekana kinyume. Huipigi ili kuangaza chumba. Unaipiga kulielekea dirisha lenyewe, kwa nguvu, ukiwa umesimama pembeni mwa dirisha nje ya picha, ili fremu na ukuta unaolizunguka viwe vyeupe kuliko vilivyo katika picha ya chumba, na nondo zionekane kwa rangi yake. Flashi haiwezi kuiangaza bahari iliyo mbali, kwa hiyo bahari inabaki kama shata ilivyoamua. Niliweka 1/200, kasi ambayo kwayo kamera nyingi bado hukubaliana na flashi, nikalifinya tundu kidogo kufidia mwanga uliozidi ule wa 1/500. Nyingine hufika 1/250, na ukipita hapo pazia la shata hukata picha kipande cheusi. Picha iliyopatikana ilikuwa ya ajabu kuitazama. Bahari iko sawasawa, ukuta umeungua, nondo nyeupe zimesimama kila moja na unene wake wa kweli.

Faida ya kuupindua mwanga namna hiyo huonekana kwenye kompyuta. Unaweka picha ya chumba chini na ya flashi juu yake, kisha leya ya juu unaipa hali iitwayo `Darken` katika Photoshop. Katika GIMP, programu isiyolipiwa, inaitwa `Darken only`. Hali hiyo hulinganisha kila pikseli ya juu na ya chini, na huchukua iliyo nyeusi zaidi. Mahali pa kioo, chini kuna weupe mtupu na juu kuna bahari. Bahari ni nyeusi zaidi, inachukuliwa. Mahali pa ukuta, juu kumeungua na chini kuko sawa. Wa chini unachukuliwa. Mahali pa nondo iliyoliwa, chini kuna weupe mtupu na juu kuna nondo yenye rangi yake, nondo inarudi. Hakuna aliyechora mpaka. Maua yote ya chuma yalirudi dirishani kwa mara moja, na mama, aliyekuwa ameketi nyuma yangu barazani, akayatambua kwa jina la fundi aliyeyachomelea.

Kinachobaki ni kuiwekea leya ya juu maski nyeusi na kupaka nyeupe kwa brashi laini katika eneo la dirisha pekee, bila kuhangaika na kingo. Maski hiyo ni kwa ajili ya sehemu nyingine za chumba ambako flashi haikufika. Huko picha ya juu ni nyeusi kuliko ya chini, na ukiiacha wazi itavuta giza lake hadi kitandani. Ukiona vivuli vichafu vimejitokeza mbali na dirisha, chanzo ni hicho. Ukiona kingo za nondo zimepata rangi ngeni, kijani au urujuani, chanzo ni kwamba `Darken` hulinganisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, na wakati mwingine huokota moja kutoka juu na nyingine kutoka chini. Photoshop ina hali jirani, `Darker Color`, inayochukua pikseli nzima kutoka upande mmoja, na mara nyingi kuibadilisha tu kunatosha.

Njia hii ina adui mmoja mkubwa katika nyumba zetu, nao ni wavu wa mbu. Flashi ikiupiga wavu, kila uzi unawaka, na badala ya bahari unapata utando wa kijivu. Katika madirisha ya alumini ya kusukuma jambo ni rahisi, unausogeza wavu upande usioonekana. Kwa mama wavu ulikuwa umegongomewa kwenye fremu ya mbao, na mpwa aliubandua kwa bisibisi kwa ruhusa yake, kisha akaurudisha tulipomaliza. Usipoweza kuubandua, itakubidi uzime flashi, upige dirisha kwa mwanga wa nje peke yake, na nondo uzichore moja moja. Ni kazi ya saa nyingi, na ni bora kumwambia mteja hivyo kabla ya kukubaliana bei. Kioo chenyewe nacho hutaka tahadhari. Flashi ikionekana humo kama nyota, sogea pembeni zaidi. Nuru hurudi kwa pembe ile ile iliyoingilia, kwa hiyo ukiipiga kwa ubavu mkali itarudi ukutani, mbali na lenzi. Na upepo wa kusi ukivuma, yafungie mapazia pembeni kabla ya picha ya kwanza, kwa maana pazia lililosogea baina ya picha mbili litakuwa na kingo mbili.

Tulipomaliza kuunganisha, bahari ilikaa dirishani, nondo zimekamilika, tivii inaonyesha paa la jirani kama kawaida. Mama alifurahi. Lakini kwa macho yangu bado ilikuwa kama bango lililobandikwa ukutani, na ilinichukua muda kumweleza kwa nini.

Bahari ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na weusi wake, buluu yake nzito, kila kuti limechongoka, na mwanga wake ulilingana kabisa na wa shuka. Jicho la mtu halijapata kuona hivyo likiwa ndani ya chumba mchana. Ukikaa kitandani na kutazama nje unaiona bahari, ndiyo, lakini unaiona ikiwa na mwanga kuliko kila kitu kilicho nawe. Na chumba kizima kinalithibitisha hilo. Mwanga kwenye sakafu ulianzia dirishani ukififia kuja kwenye mlango. Vivuli vya miguu ya kitanda vilielekea upande wa pili wa dirisha. Kila kitu kilisema chanzo cha nuru ni pale, na pale penyewe palikuwa na kiza sawa na shuka. Basi nuru hiyo imetoka wapi?

Kwa hiyo nikaanza kuiharibu bahari kwa makusudi, kidogo kidogo. Niliiongezea mwanga kama hatua moja, mpaka mchanga ukakaribia weupe lakini bado una alama za nyayo. Nikapunguza ukali wa tofauti baina ya mwanga na kivuli chake. Kisha nikaishusha leya ya juu hadi asilimia 85 hivi, ili weupe wa zamani wa dirisha upenye kwa asilimia 15 na kulainisha mahali nuru inapokutana na nondo. Ule mmwagiko wa mwanga, uliokuwa adui ulipokula nondo, kwa kiasi kidogo ndio unaoliambia jicho kwamba huko nje ni mchana. Rangi nayo niliiacha na ubaridi kidogo kuliko ya chumba, kwani mbingu ya wazi ina ubuluu ambao kuta za krimu hazina.

Kipimo ninachotumia kujua nimefika ni hiki. Naigeuza picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, kisha naipunguza mpaka iwe ndogo kama stempu. Katika udogo ule, dirisha lazima bado liwe doa lenye mwanga kuliko yote chumbani. Likilingana na ukuta, bado ni bango. Likiwa jeupe lisilo na kitu, tumerudi tulikoanzia. Baina ya hayo mawili pana nafasi nyembamba, na kazi ni kukaa humo.

Mama aliitazama ile ya pili kimya. "Ya kwanza bahari ilikuwa nzuri zaidi," akasema. Kisha: "Lakini hii ndiyo niionayo mimi nikitandika."

Palikuwa bado na jambo la maji. Nilimuuliza wageni wake hulalamika nini hasa. Hakusita: huja wameona picha za mitandaoni za maji yaliyojaa, wanaamka asubuhi wanakuta mchanga, mawe na akina mama wanaovuna mwani mbali huko, wanauliza bahari imekwenda wapi. Kumbe dirisha la picha lilikuwa linatoa ahadi ya siku nzima, na bahari ile ni ya saa chache. Nikamshauri tupige na ya kupwa pia, kwa kamera ile ile, kimo kile kile, asubuhi jua likishapanda juu na kuacha kuingia kitandani. Hakupenda mwanzoni. Lakini ilipotoka, ufuo umetandazika hadi karibu na mwamba, vigingi vya mwani katika mistari, watu wadogo kwa mbali, aliona mwenyewe kwamba ni mandhari ambayo mgeni angeamka mapema kuyatazama, mradi awe ameambiwa. Akaziweka mbili sambamba kwenye tangazo lake, ameandika chini ya moja "maji kujaa" na ya nyingine "maji kupwa".

Si kila kazi inaruhusu safari. Mara nyingi ninaletewa picha moja tu, nyumba imeshauzwa au iko mbali, na dirisha limeungua. Hapo husema wazi kwamba sitapandikiza mandhari ya mahali pengine, na ninaeleza kilichobaki: kupunguza mng'ao wa kingo, kuzirudishia nondo na fremu unene kadiri zinavyosomeka, kuliacha dirisha likiwa jeupe tulivu. Dirisha jeupe halidanganyi mtu. Linasema tu kwamba nje kulikuwa na mwanga. Na mwenye chumba ambacho bado kipo, hata kama ana simu pekee, humwelekeza kwenye saa za magharibi. Jua likishazama, mwanga wa nje hushuka haraka na taa za ndani hubaki zilivyo, na kwa dakika chache hivi viwili hulingana. Huku kwetu karibu na ikweta mwangaza wa baada ya machweo hauzidi sana dakika 20, kwa hiyo taa ziwashwe mapema, simu iegemezwe mahali, na ipigwe picha moja kila dakika. Mojawapo itakuwa na chumba na mbingu pamoja, bila kuunganisha chochote. Bahari itakuwa ya buluu ya kiza, si ya kijani ya alasiri, lakini itakuwa ya chumba hicho.

Kwa mama wa Jambiani, na kwa kila mteja aliyefuata, nimekuwa nikikabidhi picha za namna hii pamoja na maelezo mafupi: dirisha limeunganishwa kutoka picha mbili za chumba hiki, kutoka mahali pamoja, baina yake sekunde chache. Wapo waliouliza kwa nini nijitangaze kuwa nimeunganisha wakati hakuna anayeweza kujua. Jibu langu ni kwamba anayeweza kujua yupo, naye ni mgeni atakayefungua mlango wa chumba kile, aweke mzigo chini na kutazama dirishani. Maelezo yale yameandikwa kwa ajili yake, na akifika yote yaliyoandikwa atayakuta: nondo, mnazi, paa la jirani, na upeo wa bahari.